Mita 30 au sentimita 3? Kuhakiki hesabu ya kasi, frikwensi na urefu wa wimbi

*Shikamoo mwalimu. Swali letu lilisema: kifaa cha kutafutia samaki kilichofungwa kwenye mashua kinatuma sauti ya 50 kHz ndani ya bahari. Kasi ya sauti majini ni 1,500 m/s. Tafuta urefu wa wimbi. Mimi nimepata mita 30. Nilihakiki kwa kuzidisha 30 × 50 nikapata 1,500 kamili, nikaona niko sawa. Rafiki yangu ana 0.03, na kitabu nyuma kinasema 3 cm. Kosa liko wapi, na nitahakikije jibu langu kwenye mtihani ambako hakuna majibu ya nyuma? (Mwanafunzi wa kidato cha nne)*

Marahaba. Kitabu kiko sahihi. Rafiki yako naye yuko sahihi ikiwa aliandika "m" baada ya 0.03, kwa sababu mita 0.03 ndiyo sentimita 3. Wewe umekosea kizio. Ile 30 yako ni namba nzuri, ila ni milimita 30, si mita 30. Milimita 30, sentimita 3 na mita 0.03 ni urefu mmoja ulioandikwa kwa njia tatu.

Hizo milimita zimetoka wapi wakati hukuziandika popote? Zimetoka kwenye "k" ya kHz. Ulipogawanya 1,500 kwa 50 uliichukua 50 ukaiacha k peke yake, lakini k ile ni 1,000, nayo haiondoki kwenye hesabu kwa sababu tu hukuigusa. Imebaki chini ya mstari wa kugawanya, ikisubiri kugawanya mita zako. Mita moja ikigawanywa kwa 1,000 ni milimita moja. Kwa hiyo mita kwa sekunde ikigawanywa kwa kilohezi huzaa milimita, kila mara. Ukilijua hilo unaweza hata kulitumia makusudi, mradi uandike mm mwishoni. Kwenye karatasi ya mtihani, hata hivyo, njia salama ni kuibadili kilohezi kwanza, kwenye mstari wake yenyewe, kabla fomula haijaguswa:

f = 50 kHz = 50 × 1,000 Hz = 50,000 Hz

λ = v ÷ f = 1,500 m/s ÷ 50,000 Hz = 0.03 m = 3 cm

Nasisitiza "mstari wake yenyewe" kwa sababu mwanafunzi anayebadili kichwani huku akiandika fomula ndiye anayesahau. Mstari ule ukiwepo, hata ukikosea mbele unaweza kurudi na kuona kama kosa lilianzia pale au baadaye.

Kuna wanaokumbuka kwamba lazima kubadili, lakini wanabadili kinyume: wanagawanya kwa 1,000 badala ya kuzidisha, wanapata 0.05 Hz. Dawa yake ni kuuliza kizio kipi ni kidogo. Hezi ni ndogo kuliko kilohezi, kama gramu ilivyo ndogo kuliko kilo, kwa hiyo kitu kilekile kikihesabiwa kwa hezi lazima namba iwe kubwa zaidi. Na kama bado una shaka, itafsiri namba uliyoipata. Hezi 0.05 maana yake ni mtikisiko mmoja kila sekunde 20. Huo ni mwendo wa mawimbi marefu ya maji yanayokuja kutoka bahari kuu na kuinua mashua polepole. Kifaa cha kutafutia samaki hakitoi sauti ya namna hiyo. Sikio la binadamu husikia kuanzia takriban Hz 20 hadi Hz 20,000, na sauti ya kifaa hiki iko juu ya mpaka huo, ndiyo maana mvuvi haisikii.

Sasa tuje kwenye uhakiki wako, ambao kwangu una uzito kuliko jibu lenyewe. Ulizidisha 30 kwa 50, ukapata 1,500, ukatulia. Tatizo ni kwamba uhakiki ule haukuwa na uwezo wa kugundua kosa ulilolifanya. Ulitumia 50 ileile isiyobadilishwa, kwa hiyo ulichokipima ni kama unajua kugawanya 1,500 kwa 50, na unajua. Kosa lililokuwemo kwenye 50 liliingia kwenye hesabu ya kwenda na likaingia tena kwenye hesabu ya kurudi, yakafutana. Kurudisha kwa kuzidisha kunakamata makosa ya kugawanya peke yake: sifuri iliyodondoka, nukta iliyohama. Kosa la kizio hulipita bila kuliona.

Ili uhakiki uwe na maana, lazima urudi kwa kutumia vizio vilivyobadilishwa, na uandike vizio hivyo kila hatua. Chukua mita 30 zako na uzizidishe kwa hezi halisi: 30 m × 50,000 Hz = 1,500,000 m/s. Swali lilikupa 1,500 m/s, wewe umerudi na 1,500,000. Umezidi mara 1,000, na mara 1,000 kwenye maswali haya karibu kila mara ni kilo iliyosahaulika. Rudia kwa mita 0.03: 0.03 × 50,000 = 1,500. Hapo umerudi nyumbani.

Hata huo bado ni uhakiki wa fomula kwa fomula. Mimi hupendelea kuongeza mmoja usiotumia fomula kabisa, unaotegemea kuelewa kinachotokea majini. Hebu fikiria sekunde moja. Ndani ya sekunde hiyo kifaa kimetoa mawimbi 50,000, moja nyuma ya jingine bila pengo. Sekunde inapokwisha, wimbi la kwanza limeshafika mita 1,500 na la mwisho ndiyo kwanza linaondoka kwenye kifaa. (Kifaa halisi hutuma kwa mipigo mifupi kisha hunyamaza kusikiliza mwangwi, lakini kwa hesabu hii tuache kiendelee sekunde nzima.) Yote 50,000 yamepangwa kwenye mita 1,500. Mita moja ina mawimbi mangapi? 50,000 ÷ 1,500 ni kama 33. Mita moja ni sentimita 100, nazo zimegawanywa kwa mawimbi 33, kila wimbi sentimita 3. Hujatumia λ = v ÷ f, na jibu limekuja lilelile.

Jaribu picha hiyohiyo kwa mita 30. Mawimbi 50,000, kila moja mita 30, yangehitaji mita 1,500,000, yaani kilomita 1,500, ndani ya sekunde moja. Ni zaidi ya barabara ya Mombasa hadi Kampala. Sauti haina kasi hiyo majini wala kwenye chuma.

Ukipenda, unaweza kupita kwenye muda wa wimbi moja. Mawimbi 50,000 kwa sekunde maana yake wimbi moja huchukua 1 ÷ 50,000 = sekunde 0.00002. Ndani ya muda huo sauti inasogea 1,500 × 0.00002 = mita 0.03. Njia hii ni nzuri pale swali linapokupa muda badala ya frikwensi, lakini kwa uhakiki wa haraka sifuri zake ni nyingi na zinakaribisha makosa mapya. Mimi ningebaki na picha ya sekunde moja.

Uliuliza utafanyaje pasipo majibu nyuma. Hapo unahitaji kuwa na vipimo viwili au vitatu vya kukariri, ambavyo jibu lolote unaweza kuliegemeza. Vyote vichukue kwenye 1 kHz, yaani Hz 1,000, kwa sababu hapo hesabu ni ya kichwa. Sauti ya 1 kHz hewani, kwa kasi ya 340 m/s, ina urefu wa wimbi wa mita 0.34, sawa na sentimita 34. Sauti ya 1 kHz majini, kwa 1,500 m/s, ina mita 1.5. Mawimbi ya redio, yanayokwenda kwa kasi ya mwanga ya 300,000,000 m/s, kwenye 1 kHz yangekuwa na mita 300,000, yaani kilomita 300.

Kutoka hapo unatumia jambo moja tu: kasi isipobadilika, frikwensi ikiongezeka mara fulani urefu wa wimbi hupungua mara hiyohiyo. Swali lako ni 50 kHz majini. Ni mara 50 ya 1 kHz, kwa hiyo urefu ni mita 1.5 ÷ 50, yaani sentimita 150 ÷ 50, sentimita 3. Mita 30 inaanguka hapohapo, kwa sababu hata sauti ya 1 kHz majini ina mita 1.5 tu, na ya 50 kHz lazima iwe fupi kuliko hiyo. Hukuhitaji kikokotoo kujua kwamba jibu lako ni refu mno.

Ukubwa wa kifaa chenyewe unasema vilevile. Kichwa cha kutolea sauti, kile kinachofungwa chini ya mashua, huwa na uso unaoenea kiganjani au zaidi kidogo. Ili sauti iende kama mwale unaoelekea chini badala ya kutawanyika kila upande, upana wa uso ule unatakiwa uwe mkubwa kuliko urefu wa wimbi. Kwa wimbi la sentimita 3 hilo linawezekana kwenye mashua ya kawaida, ingawa mwale unakuwa mpana. Wimbi la mita 30 lingetaka kichwa kirefu kuliko mashua yenyewe. Ndiyo pia sababu vifaa vingi vya kutafutia samaki vina frikwensi mbili za kuchagua, 50 kHz na 200 kHz. Ya 200 kHz ina wimbi fupi zaidi, mwale mwembamba na picha yenye maelezo madogomadogo, lakini maji huifyonza mapema. Ya 50 kHz inafika kina kirefu zaidi huku mwale wake ukiwa mpana.

Swali likigeuzwa na kutaka kasi, hatari inabadilika kidogo, kwa sababu sasa kuna vizio viwili vya kubadili na makosa mawili yanaweza kujificha ndani ya moja. Tuseme unaambiwa sauti ya 2.5 kHz hewani ina urefu wa wimbi wa cm 13.6, tafuta kasi. Hesabu sahihi ni hii:

f = 2.5 kHz = 2,500 Hz

λ = 13.6 cm = 0.136 m

v = f × λ = 2,500 × 0.136 = 340 m/s

Asiyebadili chochote anazidisha 2.5 kwa 13.6 anapata 34. Aliyesahau kilo lakini akabadili sentimita anapata 0.34. Aliyebadili kilo akasahau sentimita anapata 34,000. Kati ya hao watatu, wa kwanza ndiye aliye hatarini zaidi, ingawa amekosea mara mbili. Makosa yake yamevutana: kilo iliyosahaulika imepunguza jibu mara 1,000, sentimita iliyosahaulika imeliongeza mara 100, limebaki pungufu mara 10 tu. Namba 34 haishtui mtu. Inafanana na 340, na mwanafunzi aliyechoka anaweza hata kuongeza sifuri moja akidhani ilidondoka. Lakini 34 m/s ni takriban kilomita 122 kwa saa, mwendo wa gari kwenye barabara kuu. Ingekuwa hivyo, ungeona radi inapiga kilomita moja kutoka kwako na ngurumo ingekufikia baada ya karibu nusu dakika, wakati kwa kweli inafika baada ya sekunde 3 hivi.

Kwa hiyo unapokuwa na jibu lako na kipimo cha kulilinganisha, kiwe cha kitabu au cha kukariri, usitazame tu kama yanatofautiana. Gawanya kubwa kwa dogo uone yanatofautiana mara ngapi, maana namba hiyo inakuambia kosa ni la aina gani. Mara 1,000 ni kilo. Mara 100 ni sentimita. Mara 10 ni kilo na sentimita pamoja, kama tulivyoona. Mara 1,000,000 ni kilohezi iliyobadilishwa kinyume. Mara 4.4 hivi ni mtu aliyetumia kasi ya hewani kwa swali la majini au kinyume chake, kwa sababu 1,500 ÷ 340 inakaribia 4.4. Mara 2 mara nyingi hutoka kwenye mchoro: umepima kutoka kwenye kilele hadi kwenye bonde linalofuata, ambayo ni nusu ya wimbi, badala ya kilele hadi kilele.

Na kuna tofauti ambazo si makosa. Kitabu kimoja kitakupa kasi ya sauti hewani kuwa 330, kingine 340, kingine 343, kwa sababu kasi hiyo inategemea joto: kwenye nyuzijoto 0 za selsiasi ni kama 331 m/s, kwenye nyuzi 20 ni kama 343. Majini ni hivyohivyo. Zile 1,500 za swali lako ni namba iliyofupishwa. Maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 25 yana takriban 1,497 m/s, na maji ya juu ya bahari ya joto, yenye nyuzi 28 na chumvi ya kawaida ya bahari, yanafika kama 1,540. Ukitumia 1,540 kwenye 50 kHz unapata sentimita 3.08 badala ya 3. Tofauti ya asilimia mbili tatu usiifukuzie kwenye vizio, kosa la kizio halijawahi kuwa dogo hivyo. Tumia kasi uliyopewa na swali, hata kama unaijua iliyo sahihi zaidi.

Nimalize habari ya makosa mawili yanayofichana, kwa sababu swali lako mwenyewe lina mtego wa aina hiyo, na ni mbaya kuliko ule uliouangukia. Tuseme mtu amesahau kilo, na pia amegeuza fomula, akaandika λ = f ÷ v. Anapata 50 ÷ 1,500 = 0.033. Anaangalia nyuma ya kitabu, anaona 3 cm, anaibadili kuwa 0.03 m, anasema tofauti ni ya kukadiria tu, anajipa tiki. Amekosea mara mbili na jibu linaonekana sahihi kwa bahati ya namba. Kwenye swali linalofuata lenye namba nyingine bahati hiyo haitakuwepo. Kulinganisha ukubwa hakumkamati mtu huyu. Kinachomkamata ni vizio. Hezi ni "kwa sekunde". Hezi ikigawanywa kwa mita kwa sekunde, sekunde zinafutana na kinachobaki ni "kwa mita": idadi ya mawimbi katika mita moja. Urefu lazima utoke kwa mita, si kwa "kwa mita". Njia ya kukumbuka mpangilio bila kukariri fomula tatu ni kuanza na v = fλ kila mara, kuandika vizio vyake (m/s = 1/s × m), kisha kugawanya pande zote mbili kwa kile usichokitaka.

Kikokotoo nacho kina yake. Aliyeielewa hesabu vizuri huandika 1500 ÷ 50 × 1000 na kupata 30,000. Kikokotoo hakikukosea, kimefanya ulichokiambia: kimegawanya kwa 50, kisha kikazidisha matokeo kwa 1,000. Elfu ilitakiwa iwe chini pamoja na 50. Andika 1500 ÷ (50 × 1000), au bora zaidi ingiza 50000 moja kwa moja, kwa sababu ulishaibadili kwenye mstari wake. Kosa hilohilo linajirudia kwa wanaoandika × 10 ^ 3 kwa vitufe vitatu tofauti bila mabano. Kwenye vikokotoo vyenye kitufe cha ×10ˣ au EXP, kitufe hicho huifanya 50×10³ kuwa namba moja, na mabano hayahitajiki. Angalia kwamba 30,000 ndiyo namba ileile anayoipata aliyebadili kilohezi kinyume, kwa hiyo ukiiona una washukiwa wawili: mstari wako wa kubadili, na mabano yako.

Mawimbi ya redio nayataja kwa sababu yanakupa mahali pa kujipima ambapo jibu limechapwa mbele yako. Kama kuna redio ya zamani ya mawimbi mafupi nyumbani, tazama uso wake: bendi zimeandikwa kwa mita, 49 m, 31 m, 25 m, na pembeni yake kuna namba za frikwensi, kwa kHz au MHz. Chukua 6,100 kHz. Ibadili: 6,100,000 Hz. Gawanya: 300,000,000 ÷ 6,100,000 = 49.18. Bendi ya mita 49, kama ilivyochapwa. Chukua 9,600 kHz: 300,000,000 ÷ 9,600,000 = 31.25, bendi ya mita 31. Ukipata 49,180 badala ya 49, unajua mara moja umeisahau kilo.

Hapo pia utaona njia ya mkato ambayo mafundi wa redio huitumia: 300,000 ÷ kHz inatoa mita moja kwa moja. Mbona hapa kilo haileti milimita? Kwa sababu 300,000 ni kasi ya mwanga kwa kilomita kwa sekunde. Kuna kilo juu na kilo chini, zinafutana, zinabaki mita. Kwenye swali lako kilo ilikuwa chini peke yake. Ukilielewa hilo hutahitaji kuuliza tena ni lini inaruhusiwa kuacha kHz bila kuibadili.

Na usichanganye aina ya wimbi. Frikwensi moja haikuambii urefu mpaka ujue kinachosafiri na kinapita kwenye nini. Mfano mzuri ni 200 kHz. Kituo cha mawimbi marefu cha BBC huko Droitwich, Uingereza, kilikuwa kwenye 200 kHz kwa miaka mingi na wasikilizaji walikifahamu kwa jina la mita 1,500, kwa sababu 300,000,000 ÷ 200,000 ni 1,500. Mwaka 1988 kilihamia 198 kHz, na urefu ukawa kama mita 1,515: frikwensi imepungua kidogo, wimbi limerefuka kidogo. Kifaa cha kutafutia samaki kikiwekwa kwenye 200 kHz kina frikwensi ileile ya kituo kile, lakini kinatuma sauti majini. Kwa hiyo jibu lake liko mbali kabisa na mita 1,500, nawe sasa unaweza kulihakiki bila mimi.

Anza na kukadiria: 1 kHz majini ni mita 1.5, na 200 kHz ni mara 200, kwa hiyo sentimita 150 ÷ 200, chini ya sentimita moja. Kisha hesabu: 200 kHz = 200,000 Hz, na 1,500 ÷ 200,000 = 0.0075 m. Kikokotoo chako huenda kikaonyesha 3/400, ubonyeze kitufe cha S⇔D, au kikaonyesha 7.5×10⁻³. Hiyo −3 ni sehemu ya jibu, na anayeiacha akaandika mita 7.5 amelirudisha kosa la mara 1,000 kupitia mlango mwingine. Mita 0.0075 ni milimita 7.5. Rudisha kwa vizio kamili: 0.0075 × 200,000 = 1,500 m/s. Mwisho linganisha na swali lako la kwanza: kutoka 50 kHz hadi 200 kHz frikwensi imeongezeka mara 4, na kutoka milimita 30 hadi 7.5 urefu umepungua mara 4.